Mazungumzo mbele ya bango la utafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watafiti wa Mtwara na Lindi

Maswali haya ni ya watafiti wa kusini wanaopeleka mabango yao kwenye makongamano, yawe ya hapa Mtwara mjini au ya Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam, na wanaotaka kurudi na mtu wa kufanya naye kazi. Majibu mengi yanafuata mfano mmoja wa kutunga. Mtafiti kijana, tumwite dada wa korosho, ana bango kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, katika mashamba ya Newala na Tandahimba. Mabango machache mbele yake yuko kaka wa ufuta kutoka Nachingwea. Watu hao hawapo, lakini majira ya mazao na tabia za ugonjwa ni zile zile tunazoishi nazo huku.

Nijiandae vipi kabla ya kipindi cha mabango kuanza?

Pata kitabu cha ikisiri mapema. Waandaaji wengi hukituma kwa barua pepe siku chache kabla, na ukikosa, huwa kinagawiwa mezani pa kujiandikisha. Usikisome chote. Chukua karatasi moja, juu andika mistari miwili: nilicho nacho, na ninachokikosa. Kisha pitia ikisiri ukitafuta mtu mwenye kile unachokikosa, hata kama somo lake liko mbali na lako.

Hapo ndipo wengi hupoteza nafasi. Mtu wa korosho hutafuta mabango ya korosho, anakutana na watu anaowajua tayari, wenye data za aina ile ile kama yake na matatizo yale yale. Dada wa mfano wetu amepima ubwiriunga kila baada ya wiki mbili kwa kuhesabu mashada ya maua yaliyoshambuliwa katika kila mti uliochaguliwa. Ameona kwamba mashamba mawili yaliyokaribiana, yenye mbegu ya aina moja na yaliyopigwa salfa kwa ratiba moja, yanaugua tofauti kabisa. Anahisi ni hali ya hewa ya ndani ya shamba, lakini kipimo alicho nacho cha unyevu kinatoka kituo cha mbali. Kwa hiyo kwenye karatasi yake, mstari wa pili unasema: "vipimo vya joto na unyevu ndani ya shamba, Juni hadi Septemba."

Sasa anaposoma ikisiri ya ufuta inayotaja "vinasa joto na unyevu vilivyowekwa katika mashamba manne," anasimama hapo. Ufuta haumhusu, vinasa vinamhusu. Anaandika namba ya bango na kuzungushia duara. Majina manne au matano yanatosha kwa kipindi kimoja, maana mazungumzo mazuri hula robo saa kwa urahisi.

Bango langu lenyewe liwe na nini ili watu waanze kuzungumza?

Kuna mengi ya kusema kuhusu mabango, ila kwa ajili ya kupata washirika naomba jambo moja: weka kisanduku kidogo chini upande wa kulia chenye kichwa "Tunachotafuta." Andika humo sentensi moja au mbili zinazoeleweka na mtu wa fani nyingine. Dada anaandika: "Tuna vipimo vya ugonjwa vya misimu miwili kutoka mashamba ya Newala na Tandahimba. Tunatafuta mtu mwenye vifaa vya kupima unyevu ndani ya shamba, au mwenye uzoefu wa kuunganisha hali ya hewa na ugonjwa wa mimea."

Kisanduku hicho kinafanya kazi hata ukiwa umeenda kunywa chai. Mgeni anayepita anajua ana sababu ya kusimama, na aliye na aibu anapata la kuanzia: "Naona mnatafuta vipimo vya unyevu." Ukiandika tu "tunakaribisha ushirikiano," hakuna atakayejiona ametajwa.

Kwa saizi, fuata walichoagiza waandaaji. Bango la A0 lililosimama lina upana wa sentimeta 84.1 na urefu wa sentimeta 118.9, na mbao nyingi hulipokea. Uliza kabla ya kuchapisha kama mbao zao ni za kusimama au za kulala, kwa sababu bango la kulala likiwekwa kwenye ubao wa kusimama hufunika la jirani, na unaanza siku kwa kuomba radhi kwa mtu ambaye pengine ungemhitaji.

Mtu amesimama mbele ya bango langu, anasoma kimya. Nianzeje?

Simama pembeni ya bango, usikae mbele yake, ili asome bila kukuchungulia begani. Mkaribishe kwa neno moja: "Karibu sana." Akiwa mkubwa kwako kwa umri, "Shikamoo, karibu." Halafu mwache asome. Kimya cha sekunde kumi na tano au ishirini kinaonekana kirefu kwa mwenye bango, lakini kwa msomaji ni kifupi.

Akiinua macho au akirudi kusoma sehemu ile ile mara ya pili, ndipo useme. Na sentensi ya kwanza iwe swali kuhusu yeye: "Wewe unashughulika na nini?" Kama mazingira yanataka heshima zaidi: "Samahani Dokta, upande wako mnafanya utafiti wa nini?" Jibu lake ndilo litakaloamua umweleze bango kwa njia gani. Akisema anafanya kazi ya udongo, utaanza na mashamba. Akisema ni mtu wa takwimu, utaanza na jinsi ulivyopima. Akisema ni afisa ugani wa Masasi, utamuuliza yeye ameona nini kwenye eneo lake kabla hujamwonyesha grafu hata moja.

Wengi hufanya kinyume. Mgeni anafika, mwenye bango anafyatuka kama kaseti kuanzia utangulizi hadi shukrani, dakika sita zinapita, na mgeni anasema "hongera sana" na kuondoka. Huyo mgeni anaweza kuwa ndiye mwenye vifaa vilivyokuwa vinatafutwa, na hakuna aliyejua.

Maelezo yangu yawe marefu kiasi gani?

Dakika moja, kisha nyamaza. Ndani ya dakika hiyo taja mambo matatu: ulichokiona, kinachokutatiza, na unachohitaji ili kukitatua. Dada anaweza kusema hivi:

"Mashamba haya mawili yako jirani, mbegu moja, salfa ratiba moja. Angalia hapa, Julai hili la bondeni lina mashada mengi yaliyoshambuliwa, na hili la juu lina machache. Nadhani unyevu wa asubuhi bondeni unakaa muda mrefu zaidi, lakini sina kipimo cha ndani ya shamba. Kituo ninachotumia kiko mbali."

Kidole kiwe kwenye grafu wakati unasema. Ukishataja kinachokutatiza, mtu mwenye la kuchangia atajitokeza mwenyewe, kwa sababu ni vigumu kwa mtafiti kusikia tatizo analolijua na kukaa kimya. Asipokuwa nalo, atauliza swali la kawaida au atapongeza, na wote wawili mtakuwa mmetumia dakika moja tu.

Usifiche udhaifu wa data kwa matumaini kwamba utavutia zaidi. Katika kutafuta mshirika, pengo lako ndilo mlango wake wa kuingilia.

Na nikienda kwenye bango la mtu mwingine, nianze na swali gani?

Usianze na "naomba unieleze utafiti wako." Swali hilo linamrudisha kwenye kaseti. Soma kwanza, dakika moja au mbili, hasa sehemu ya mbinu, kisha uliza kitu ambacho kinaonyesha umesoma na kinachogusa haja yako.

Hivi ndivyo mazungumzo ya dada na kaka wa ufuta yanavyoweza kwenda.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri dada, karibu."

"Asante. Nimeona mmeweka vinasa unyevu kwenye mashamba manne. Mliviweka urefu gani kutoka chini?"

"Kama mita moja. Ufuta ukikua unavizidi kidogo."

"Na vilikuwa vinaandika kila baada ya muda gani?"

"Kila nusu saa. Kwa nini, na wewe unavitumia?"

Hapo mlango umefunguka, na amefungua yeye. Sasa dada anaweza kueleza tatizo lake kwa sentensi mbili. Angalia kwamba maswali yake mawili ya kwanza ni ya vipimo: urefu na muda. Maswali ya namna hiyo yanamfurahisha mwenye bango, kwa sababu ndiyo sehemu iliyomtoa jasho na watu wachache huiulizia. Pia yanakupa wewe taarifa ya kuamua kama vitu vyake vinakufaa.

Nitajuaje kama kazi zetu zinaweza kweli kuungana?

Linganisha mambo matatu palepale, mkiwa mmesimama: mahali, wakati na kipimo. Ushirikiano mwingi unaokubaliwa kwa shangwe kwenye kongamano hufa baadaye kwa sababu moja kati ya hayo haikulingana na hakuna aliyeuliza.

Turudi kwa dada na kaka. Mahali: yeye yuko Newala na Tandahimba, kaka yuko Nachingwea. Ni wilaya tofauti, kwa hiyo vipimo vya Nachingwea haviwezi kueleza kwa nini shamba la bondeni Newala linaugua. Wakati: hapa pana jambo zito zaidi. Ufuta wa huku hupandwa mvua zikiwa zinaendelea, mwanzoni mwa mwaka, na kuvunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa sita. Ubwiriunga unashambulia maua na majani machanga ya mikorosho katika kiangazi, kuanzia mwezi wa sita na kuendelea. Kaka anapong'oa vinasa vyake shambani, ndipo msimu wa ugonjwa unapoanza. Data zake na za dada karibu hazikutani kabisa.

Mtu akisikia haraka atasema basi, haiwezekani. Dada anauliza swali moja zaidi:

"Mkishavuna, vinasa mnavipeleka wapi?"

"Vinakaa kabatini mpaka Januari."

Kilichokuwa kinatafutwa kilikuwa data, kilichopatikana ni vifaa vilivyolala kabatini miezi yote ya ubwiriunga. Mazungumzo ya aina hii ndiyo yanayolipa nauli ya kongamano, na yametoka kwenye swali la wakati lililoulizwa hadi mwisho. Ukiona vitu havilingani, uliza kinachotokea kwa kifaa, sampuli, shamba au msaidizi wa utafiti pale mwenzako anapokuwa havitumii.

Kipimo ni jambo la tatu. Kinasa kilichowekwa mita moja kutoka chini katika ufuta kitahitaji kuning'inizwa ndani ya majani ya mkorosho, penye maua, na kifunikwe kisipigwe na jua moja kwa moja, maana jua likikipiga kitasoma joto lililo juu kuliko la hewa na unyevu ulio chini kuliko uliopo. Kila nusu saa ni vizuri kwa dada: ataweza kuhesabu saa ambazo unyevu ulikuwa juu kila usiku, kisha kulinganisha na hesabu yake ya ugonjwa ya kila wiki mbili. Kama vinasa vingekuwa vinaandika mara moja tu kwa siku, saa za alfajiri zingepotea, na hizo ndizo anazozitilia shaka.

Niombe nini, na kwa ukubwa gani?

Omba kitu kidogo chenye tarehe. "Tushirikiane kwenye mradi" ni ombi kubwa mno kwa mtu mliyekutana saa hiyo, na ni rahisi kulikubali kwa sababu halimfungi mtu. Ombi la dada linaweza kuwa hili:

"Kaka, unaonaje tukijaribu vinasa viwili tu mwaka huu? Ukishavuna, tuviweke pamoja wiki moja mahali pamoja tuone kama vinasoma sawa. Vikikubaliana, kimoja niweke shamba la bondeni na kimoja la juu, mwezi wa sita mpaka wa tisa. Wewe utapata data zote, na Januari vinarudi kwako vikiwa na betri mpya."

Ombi hilo lina vifaa viwili, muda unaojulikana, faida ya kila upande na jaribio la kwanza linalokamilika kwa wiki moja. Jaribio hilo la kuviweka pamoja ni la lazima kitaalamu, maana vinasa viwili vya aina moja vinaweza kupishana kwa asilimia kadhaa za unyevu, na tofauti ya bondeni na juu ikiwa ndogo utashindwa kujua ni ya shamba au ya kifaa. Lakini pia linawapima watu. Mkishindwa kupanga wiki moja ya vinasa viwili, ni bora mjue mapema kuliko kujua katikati ya mradi wenye fedha za mtu.

Mwenzako akisema vifaa ni vya mradi na lazima amuulize mkuu wake, hiyo ni dalili njema. Anayesema "hakuna shida, chukua tu" bila kujua vifaa ni vya nani, huenda hatavipata.

Nitatofautishaje anayependa kweli na anayeonyesha adabu?

Sisi ni watu wa adabu, na "tutawasiliana" husemwa kama kwaheri. Usimlaumu mtu kwa hilo. Angalia anachofanya kabla ya kusema hivyo.

Mtu mwenye nia huuliza maswali ya kazi: mliweka kivuli cha namna gani, nani alihesabu, mvua ya mwaka jana ilivurugaje. Hukueleza kilichoharibika kwake, kwa mfano vinasa viwili vilivyoliwa na mchwa au kuchukuliwa na watoto. Hukutajia mtu wa tatu: "Ungezungumza pia na mama mmoja wa upande wa hali ya hewa, ngoja nikuonyeshe bango lake." Hugusa grafu yako. Hukupinga. Kupiga picha bango lako, kwa upande mwingine, hakuna maana kubwa, kwa kuwa watu hupiga picha mabango mengi na kuyasahau kwenye simu.

Profesa ninayemtaka amezungukwa na watu. Nifanye nini?

Usisubiri amalize na wote, muda utaisha. Sogea ukasikilize mazungumzo yanayoendelea kwenye duara lile. Mara nyingi kutakuwa na swali unaloweza kuliendeleza, na kumwendeleza mtu ni rahisi kuliko kumkatiza. Ukipata upenyo: "Shikamoo Profesa. Hilo la unyevu ulilosema, sisi Newala tumeliona bondeni mwezi wa saba." Jina lako na taasisi yako vije baadaye, akishageuka.

Ukiona haiwezekani, muulize mwanafunzi wake aliyesimama karibu na bango. Yeye ndiye aliyekaa shambani, anajua data zilipo, na ndiye atakayejibu ujumbe wako wiki ijayo. Wengi humruka mwanafunzi wakimtafuta mkubwa, na naona ni hasara.

Lazima niwe kwenye bango langu. Nitayatembelea ya wengine lini?

Angalia ratiba. Makongamano mengi hugawa: namba witiri husimama saa ya kwanza, namba shufwa saa ya pili, au kinyume chake. Kama mgawanyo huo haupo, wahi wakati watu wanabandika mabango. Dakika hizo ishirini kabla ya kipindi ni dhahabu: wenye mabango wapo, hawana wageni, na kumsaidia mtu kushika kona ya bango wakati anabandika ni mwanzo mzuri wa maongezi kuliko swali lolote.

Unapoondoka kwenye bango lako, acha kikaratasi: "Nipo bango namba fulani, narudi saa tano na nusu." Na urudi kweli saa hiyo.

Mgeni mmoja amening'ang'ania, au ananikosoa mbele ya watu. Nitokeje?

Anayeng'ang'ania mkabidhi kwa mwingine: "Hilo swali lako mwenzangu wa bango la pale amelifanyia kazi, twende nikutambulishe." Umemheshimu, umempa kitu, na umerudi peke yako.

Anayekosoa, hasa akiwa mzee wa fani, mwache amalize, kisha muulize angepima vipi yeye. "Mzee, ungekuwa wewe ungeweka vipimo wapi?" Kama ukosoaji ulikuwa wa kweli, utapata ushauri wa bure, na mara nyingine utapata mshirika, kwa sababu mtu aliyekuelekeza njia hupenda kuona umefika wapi. Usijitetee kwenye kila nukta. Andika alichosema mbele yake, kwenye daftari, aone kimechukuliwa.

Wanaokuja si watafiti tu. Nizungumze vipi na viongozi wa vyama vya msingi, wakulima na maafisa ugani?

Kwa Kiswahili, na bila kusoma kilichoandikwa kwenye bango ambalo pengine liko kwa Kiingereza. Katika makongamano ya huku hawa ndio wageni ninaowathamini kuliko wote, kwa sababu mara nyingi wana data ambayo hakuna maabara inayo. Mfumo wa stakabadhi ghalani umetumika katika korosho za kusini tangu msimu wa 2007/2008, na chama cha msingi hupokea mzigo wa mkulima, huupima na kuuandika. Katibu wa chama aliyesimama mbele ya bango la ubwiriunga anaweza kuwa anajua kilo zilizoletwa kutoka kitongoji cha bondeni na zile za kitongoji cha juu, msimu baada ya msimu.

Muulize anachokiona: "Mama, kwenye chama chenu, maeneo gani mzigo ulishuka mwaka ule?" Akikujibu kwa kutaja vitongoji, umeshapata mtu wa kufanya naye kazi. Lakini usiombe madaftari palepale. Kumbukumbu hizo zina majina ya wakulima na kiasi walichouza, na ruhusa ni ya chama. Omba kwenda kujieleza kwenye uongozi wao, na useme mapema kwamba unahitaji jumla za maeneo bila majina. Na mwambie mkulima lini utarudi kumweleza ulichokipata, kwa sababu amekwisha kuwaona watafiti wengi wasiorudi.

Mtafiti kutoka nje ya nchi anataka sampuli zangu. Nimjibu nini?

Mwambie unafurahi, na kwamba sampuli hazitoki kwa makubaliano ya kwenye bango. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ili afanye utafiti nchini. Sampuli za kibayolojia zinapotoka huhitaji mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi, na mimea au sehemu zake zinapitia taratibu za afya ya mimea. Utafiti wa afya za watu una njia yake ya maadili, ambapo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina nafasi kubwa.

Sema hivyo kwa utulivu, halafu uliza swali linalokuhusu: uchambuzi utafanyika wapi, na je, kijana wa kwetu anaweza kwenda kuufanya au kujifunza mbinu hiyo? Mgeni makini ameshazoea taratibu hizi katika nchi nyingi na hatachukia. Anayekuomba umpe majani makavu kwenye bahasha jioni ile hotelini, mwache aende.

Naogopa mtu ataniibia wazo.

Onyesha kwenye bango yale tu ambayo uko tayari yajulikane, basi. Data ghafi zibaki nyumbani. Mkikubaliana jaribio dogo, zungumzeni kuhusu majina kwenye makala kabla faili la kwanza halijatumwa: nani ataandika, nani atatajwa kwa mchango gani, na kila upande unaruhusiwa kutumia data za mwenzake kwa jambo gani. Ujumbe wa mistari mitano uliojibiwa "nakubali" unatosha kwa kuanzia, na baadaye taasisi zenu zitaandika rasmi. Mazungumzo hayo yanaonekana ya mapema mno, lakini ni mepesi zaidi kabla hakujawa na matokeo ya kugombania.

Nimfuatilie lini, na nimwandikie nini?

Mara tu unapoachana naye, geuza nyuma ya kadi yake au ufungue daftari uandike mambo matatu: mlizungumza nini, ulimwahidi nini, alikuahidi nini. Jioni hutakumbuka nani alisema nini. Kisha tuma ujumbe ndani ya siku mbili, wakati naye bado anakumbuka sura yako. WhatsApp ni sawa kwa rika lako. Kwa mkubwa au kwa jambo linalohitaji ruhusa ya ofisi, tumia barua pepe, ili aweze kuipeleka kwa mkuu wake.

Dada anamwandikia kaka hivi:

"Habari za leo kaka. Ni mimi wa bango la ubwiriunga, tuliyezungumza kuhusu vinasa vyenu. Nimeambatisha grafu ya mashamba mawili niliyokuonyesha. Tulikubaliana tujaribu vinasa viwili baada ya mavuno yenu, kwanza tuviweke pamoja wiki moja. Ulisema utamuuliza mkuu wa mradi. Je, naweza kukupigia Jumatano ya wiki ijayo jioni kujua amesemaje? Ile ripoti ya salfa uliyoiomba nitakuletea kesho."

Ujumbe umemkumbusha kaka anayeandika ni nani, umempa kitu, umerudia ahadi bila kulaumu, na una siku. Na kesho ripoti itumwe kweli.

Hakujibu. Niendelee au niache?

Angalia kalenda ya kazi yake kwanza. Mtu wa ufuta hajibu wakati wa mavuno, mtu wa korosho hupotea msimu wa kupiga salfa, na mwalimu wa chuo hafikiki wakati wa mitihani. Subiri wiki mbili, kisha mpigie simu mara moja. Huku kwetu simu hufanya kazi ambayo barua pepe tatu hazifanyi. Akisema mkuu wake amekataa, muulize kama kuna mradi mwingine wenye vinasa vya aina hiyo, maana wanaonunua vifaa hivyo hufahamiana. Asipopokea wala kurudisha, mwache, chukua karatasi yako ya majina na umwandikie wa pili kwenye orodha kabla msimu wa maua haujaanza.